Mdogo wangu anataka kuingia shindano la kumuiga Elvis Presley: kinachoshinda ni sura au sauti?

BintiTabata

Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu wa kiume anaishi Ontario, Kanada, na huko kapatwa na ugonjwa wa Elvis Presley. Alianza na karaoke na wenzake wa kazini, wakamsifia, sasa anataka kuingia yale mashindano ambayo watu wanavaa ovaroli jeupe lenye vito, wanachana nywele juu na kuimba kama Elvis mwenyewe.

Nyumbani tumecheka mpaka mama katokwa na machozi, maana mdogo wangu ni mweusi kama mimi, na Elvis tunamjua alivyokuwa. Yeye hacheki hata kidogo. Kanitumia video ya shindano moja ili anielimishe, ndiyo kwanza akanichanganya. Kuna kijana ana sura ya Elvis mpaka nikashtuka: pua, mdomo, macho, kila kitu. Akafuata mwingine mfupi, ana kitambi, nywele unaona kabisa zimepakwa rangi. Ushindi kapewa huyo mwenye kitambi!

Kwa hiyo naomba wajuzi mnisaidie. Majaji wanaangalia nini hasa? Na huyu mdogo wangu ana nafasi, au anakwenda kuchekwa ugenini? Anataka kuagiza hilo ovaroli na bei yake si ya mchezo, ndiyo maana nauliza mapema.

Chaulongo

Dada mwambie aache. Kujifanya msanii fulani na kuchukua hela za watu ni utapeli, hata kama ni Ulaya. Mkoani kwetu promota alibandika mabango ya msanii mkubwa wa Dar, siku ya shoo akaletwa kijana aliyevaa miwani na kofia kama yeye, taa zikafifishwa, akafanya pleibeki nyimbo mbili, gari likawashwa. Watu walirusha chupa. Tulilipa viingilio na hatukurudishiwa hata senti.

BintiTabata

Pole sana mkuu, ila hiki ni kitu kingine. Elvis kafa 1977, hakuna anayenunua tiketi akidhani atamkuta yeye ukumbini. Wote wanajua ni mwigaji.

Nahodha254

Sisi Kenya tuna Elvis wetu, Sir Elvis. Anavaa kofia ya kauboi na ukumbi unajaa. Ni mweusi na hakuna aliyemcheka. Mdogo wako aende tu.

Kopi_ya_Kale

Nahodha, Sir Elvis ni Elvis Otieno, hilo ni jina lake la kuzaliwa. Anaimba muziki wa kantri kwa sauti yake na kwa jina lake. Hamuigi Presley. Ni msanii mzuri ila haingii kwenye swali la dada.

MjuaVyote

Sura haina maana kwenye haya mashindano na ushahidi upo. Charlie Chaplin aliingia shindano la kufanana na Charlie Chaplin akashika nafasi ya tatu. Elvis naye aliingia la kwake kimyakimya, naye akawa wa tatu. Dolly Parton hivyo hivyo. Majaji hawajui kitu, ni bahati tu.

FundiMitambo

Nimesoma uzi wote. Mimi naishi Wales, nafanya kazi ya sauti, na kila Septemba napata kibarua Porthcawl. Huo ni mji mdogo wa pwani, na tangu 2004 una tamasha la Elvis ambalo linafurika watu kila baa na kila ukumbi. Nimekaa nyuma ya meza ya mitambo nikiwasikiliza waigaji kwa miaka, kwa hiyo niruhusuni niandike kirefu kidogo.

Nianze na MjuaVyote. Habari ya Dolly Parton ina mwenyewe: amesimulia kwa mdomo wake kwamba aliingia shindano la wanaume waliojivika kama yeye, akapata makofi machache kuliko wote. Hiyo ya Elvis kuwa wa tatu inazunguka tu, haina mahali wala tarehe, na kila anayeisimulia anabadilisha mji. Ya Chaplin nayo kila gazeti lilikuwa na toleo lake. Ila hata ya Dolly haisemi kwamba majaji ni vipofu. Pale wanaume wale walikuwa wamekuza kila kitu, nywele, kifua, vipodozi, na ushindi ulikuwa wa aliyezidisha. Ni shindano la vituko. Ya Elvis ya siku hizi yanakwenda kinyume kabisa: anayezidisha ndiye anayetoka mapema.

Shindano kubwa ni lile la kampuni inayomiliki jina la Elvis, ambalo fainali yake hufanyika Memphis mwezi Agosti, wiki ya kumbukumbu ya kifo chake. Lilianza 2007. Kabla ya hapo kampuni ilikuwa inawakwepa waigaji, ikiona wanamfanya marehemu kichekesho. Ikaamua bora iwape masharti kuliko kuwakimbia. Huwezi kujiandikisha Memphis ukaingia tu. Kuna mashindano ya mchujo sehemu mbalimbali za dunia, mshindi wa kila moja ndiye anayekwenda. Mshindi wa kwanza alikuwa Mmarekani, Shawn Klush. Mwaka 2012 alishinda Mwingereza Ben Portsmouth, wa kwanza kutoka nje ya Marekani.

Sasa swali lako, dada. Kwenye alama, sauti ina fungu kubwa kuliko lolote. Mavazi, nywele na sura viko pamoja kwenye fungu dogo. Halafu kuna jinsi unavyoishika jukwaa, na onyesho zima kwa jumla. Huyo kijana mwenye sura aliyekushtua alikuwa na alama za sura mkononi kabla hajafungua mdomo. Akifungua mdomo ikatoka sauti ya mtu mwingine, zile alama hazimfikishi mbali.

Kuhusu rangi ya mdogo wako: Robert Washington, mtu mweusi kutoka jimbo la Maine, alishinda moja ya mashindano makubwa ya waigaji wa Elvis huko Memphis mwaka 2003. Si kwa huruma. Alikuwa anaimba. Kuna mwingine wa asili ya Meksiko, El Vez, ambaye amejenga kazi nzima kwa kumgeuza Elvis kuwa Mmeksiko, ingawa huyo ni wa shoo zake mwenyewe, anabadilisha mpaka maneno ya nyimbo.

Mdogo wako anataka kuimba nyimbo gani, na sauti yake ni ipi? Kwenye kwaya angewekwa wapi?

BintiTabata

Asante sana FundiMitambo, angalau sasa nina la kumjibu mama. Kanisani alikuwa anaimba sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume. Anasema ataimba An American Trilogy na ovaroli lenye picha ya ndege tai, kama Elvis wa Hawaii. Na kanituma niulize kama avae miwani ile mikubwa ya dhahabu.

FundiMitambo

Miwani aiache nyumbani. Hapo ndipo jaji anamjua mtu aliyemsoma Elvis kwenye vikatuni na kofia za watalii. Elvis aliivaa sana ile miwani, lakini nje ya jukwaa. Tazama filamu za maonyesho yake ya miaka ya sabini, utamwona anaimba macho wazi karibu kila mara. Ukipanda jukwaani na ovaroli la tai pamoja na miwani ya dhahabu umeunganisha picha mbili ambazo hazikuwahi kuwa pamoja usiku ule.

Na hili ndilo jambo kubwa ninalotaka alishike. Hakuna Elvis mmoja wa kuiga. Kuna Elvis wa 1956, sauti nyepesi, ya juu, inakatika kwa kwikwi, miguu haitulii. Kuna wa 1968, yule wa kipindi cha televisheni cha NBC, suti ya ngozi nyeusi, sauti kavu yenye mikwaruzo, mtu aliyekaa miaka mingi bila kusimama mbele ya watazamaji na ana njaa. Halafu kuna wa 1973, onyesho la Honolulu la tarehe 14 Januari lililorushwa kwa setilaiti: mzito, ametulia, sauti nene inayotetemeka mwishoni mwa maneno, nyuma yake bendi, waitikiaji na okestra nzima. Majaji wanajua tofauti hizi kuliko unavyodhani. Mtu anayechagua mwaka mmoja, ikiwezekana usiku mmoja, na kukaa humo kuanzia viatu mpaka pumzi, huyo ndiye anayeogopwa.

Makosa ninayoyaona kila mwaka ni ya kuchanganya. Mtu kavaa ovaroli la 1973 lakini anacheza miguu ya 1956. Elvis wa miaka ya sabini aliziimba zile nyimbo zake za zamani, tena mara nyingi, lakini aliziimba mbiombio kama mtu anayelipa deni, akitania, akigawa skafu kwa wanawake waliosogea mbele. Kwa hiyo ukitaka kuimba wimbo wa 1956 ukiwa na ovaroli ni halali kabisa, ila uimbe kama alivyouimba akiwa na ovaroli. Mwingine kavaa ngozi nyeusi ya 1968 halafu kabandika sharafa pana za miaka ya sabini zinazofika kona ya mdomo. Mwingine anapindisha mdomo kila mstari, na baada ya kila wimbo anatoa ile asante ya harakaharaka ya kunguruma, ambayo watu wote duniani wanaiigiza wakilewa. Elvis alipindisha mdomo mara mojamoja, mara nyingi akijicheka mwenyewe. Ukizidisha, watu wanacheka, na jaji anashusha kalamu.

Kuhusu tena. Elvis alikuwa na sauti ya kati, baritoni, iliyoweza kupanda juu sana na bado ikabaki nene. Trilogy inaanza chini, taratibu, karibu kunong'ona. Mtu wa tena hapo anapotea, inatoka hewa tupu. Katikati kuna filimbi inapiga peke yake, mwimbaji kasimama kainamisha kichwa, hana cha kufanya. Wengi wanaharibu hapo kwa sababu hawawezi kukaa bila kufanya kitu. Wanaanza kupangusa jasho, kurekebisha mkanda, kuwapungia watu mkono. Halafu inakuja noti ya mwisho ya juu, ambayo tena ataifikia kirahisi, na ndiyo inayomdanganya mdogo wako. Anaifikia kwa sauti nyembamba. Ukumbi utapiga makofi, maana noti ndefu huwa inapigiwa makofi, lakini jaji anataka uzito ule ule wa chini uende mpaka juu.

Kopi_ya_Kale

Nakubaliana na Fundi karibu yote. Mimi nimepiga kopi kwenye bendi za hoteli kwa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kuimba nyimbo za Marijani Rajab, na wateja wa zamani walikuwa wakali kuliko jaji yeyote. Kilichonitesa si kupata sauti yake, ilikuwa kuacha ya kwangu. Mimi nina tabia ya kuchelewa kuingia kwenye mstari, na kuzungusha neno la mwisho. Marijani hakuwa na mbwembwe hizo, anaingia pale pale, anasimulia. Mzee mmoja alinifuata nyuma ya jukwaa akaniambia: kijana, wimbo umeuimba vizuri, lakini yule si Marijani, ni wewe umevaa koti lake.

Hapo ndipo nilipoanza kujirekodi kwenye kaseti, mstari mmoja mmoja. Nasikiliza wake, naimba, nasikiliza wangu. Asubuhi nzima inaishia kwenye mistari minne.

Ila nina swali kwa Fundi: kwa nini asipandishe ufunguo kidogo ili ile sehemu ya chini isimpoteze? Sisi tulikuwa tunafanya hivyo kila siku na hakuna aliyelalamika.

FundiMitambo

Kwenye hoteli sawa kabisa, mkuu wangu. Kwenye shindano inategemea. Mara nyingi mtu anaimbia muziki uliorekodiwa, na ukishaupandisha, ala zote zinakuwa nyembamba na nyepesi, filimbi inakuwa kali, na wanaoujua wimbo wanasikia kuna kitu si chenyewe hata kama hawawezi kukitaja. Wapo waigaji wakubwa wanaoshusha nusu hatua na hawakamatwi. Kupandisha ndiko kunakoumbua. Ila huo ni mtazamo wangu, wapo mafundi wenzangu wanaosema bora aimbe anapoweza kuliko afe kishujaa. Hatujawahi kukubaliana.

Kwa mtu wa tena mimi ningempa 1956, au amalizie na If I Can Dream ya 1968. Huo wa pili nao si mrahisi. Elvis aliuimba akiwa na suti nyeupe mbele ya jina lake lililoandikwa kwa taa nyekundu, na alikuwa anakwaruza makusudi, karibu kupiga kelele. Mtego wake ni pumzi: wimbo unapanda, unapanda tena, na kila ukipanda unataka nguvu zaidi ya pale ulipotoka. Wengi wanatoa kila kitu kwenye beti za mwanzo, ikifika mwisho wanazungusha mkono kwa fujo ili kuficha kwamba sauti imekwisha. Ukiona mkono umetangulia na sauti inafuata, ujue mtu yuko taabani. Kwa Elvis mkono ulikuwa unafuata sauti.

Mzee wa Upanga

Vijana, mmenikumbusha kisa ambacho wengi hamkijui. Kuna mwimbaji wa Marekani aliitwa Phil Ochs, mwimbaji wa nyimbo za siasa na maandamano, gitaa moja na kinywa kikali. Mwaka 1970 alikwenda kwa Nudie Cohn, fundi cherehani yule yule aliyemshonea Elvis suti ya dhahabu ya 1957, akashonewa ya kwake ya dhahabu. Akapanda nayo Carnegie Hall, New York, akaimba nyimbo za Elvis katikati ya shoo. Waliokuja kumsikia akisema habari za vita ya Vietnam wakamzomea. Hakuwa anafanya mzaha. Aliamini mapinduzi ya Marekani yatakuja siku mtu mmoja atakapokuwa Elvis na Che Guevara kwa wakati mmoja.

Sasa kinachotuhusu ni kwamba mwaka 1973 mtu huyu alikuja Afrika. Nairobi alirekodi nyimbo na wanamuziki wa huko, ikiwamo ya Kiswahili. Alipofika Dar es Salaam alivamiwa na vibaka ufukweni, wakamkaba koo, na sauti yake ya juu haikurudi tena. Alijiua 1976.

Sisemi kwamba ni mwigaji kama wa shindano. Lakini Chaulongo ana hoja ambayo mmeipita haraka. Ochs alizomewa kwa sababu watu hawakuambiwa mapema wanakuja kuona nini. Suti ile ile, nyimbo zile zile, kwenye shindano la Memphis wangesimama na kupiga makofi.

Nahodha254

Shikamoo mzee. Hiyo ya Dar sikuijua kabisa, na ninajidai najua muziki.

WakiliPori

Mimi naona mnasahau sheria. Elvis kafa, na marehemu hana haki ya jina wala sura. Mdogo wako anaweza kuandika ELVIS kwenye bango kubwa, auze fulana, hakuna wa kumgusa. Wangeweza kushtaki wangewashtaki maelfu ya waigaji walioko Las Vegas.

FundiMitambo

WakiliPori, umepatia nusu. Kweli maelfu wanaimba bila kuguswa. Lakini haki haikufa 1977. Jimbo la Tennessee lilitunga sheria 1984 inayolinda jina na sura ya mtu hata baada ya kufa, na familia ya Presley ilikuwa nyuma ya msukumo huo. Kabla yake, mwaka 1981, mahakama ya shirikisho kule New Jersey ilisikiliza kesi ya urithi wa Elvis dhidi ya mtu mmoja aliyeitwa Russen, mwenye shoo ya mwigaji iliyoitwa The Big El Show. Mahakama ilisema shoo ile kwa sehemu kubwa ni nakala tu, haiongezi kitu cha kwake, kwa hiyo haiwezi kujificha moja kwa moja nyuma ya uhuru wa kujieleza. Lakini haikuifunga shoo. Ilimzuia kutumia majina na alama ambazo zingewafanya watu wadhani imetoka kwa wenye Elvis.

Na Las Vegas unayoitaja, 2022 kampuni inayosimamia jina la Elvis iliyaandikia barua yale makanisa madogo ya harusi, ambayo mwigaji wa Elvis ndiye anayekufungisha ndoa, ikiyataka yaache kutumia jina na sura yake. Mji ukalalamika, biashara ile ni riziki ya watu wengi, na kampuni ikalegeza kamba, ikazungumzia leseni. Kwa hiyo kuimba kwenye shindano hakuna shida. Fulana asiuze. Kanada sheria zake ni nyingine na sizijui vizuri, amuulize mwanasheria wa huko, si sisi.

WakiliPori

Kesi ya 1981 ni ya zamani na ni ya jimbo moja. Bado nasema kumuiga mtu kwa mwili na sauti ni sanaa, na nakala nzuri huwa inaongeza kitu. Kopi_ya_Kale hapo juu si kasimulia alivyosota? Hiyo si kazi yake mwenyewe?

Kopi_ya_Kale

Ni kazi yangu, ndiyo. Kama ni sanaa yangu, hapo sijui nikwambie nini. Nilipoacha bendi watu walinikumbuka kwa wiki mbili, Marijani wanamkumbuka mpaka leo.

BintiTabata

Wakuu nimeongea na mdogo wangu usiku mzima. Habari ya miwani kaipinga sana, nikamwambia atazame filamu mwenyewe. Katazama, kanyamaza, leo asubuhi kaniandikia: sawa.

Ovaroli bado linamuuma. Kapata fundi Marekani anayetumia michoro ile ile ya awali, bei ni maelfu ya dola. Kuna la bei ya chini kutoka mtandaoni, tai kachapwa tu kwenye kitambaa. Na anauliza Collingwood, yaani tamasha kubwa la Ontario alilolisikia siku nyingi, anajiandikishaje.

FundiMitambo

Collingwood lilikwisha, la mwisho lilikuwa 2019. Kanada bado yapo mengine, kuna Penticton kule British Columbia, ingawa kwake ni mbali. Atafute lenye daraja la wasio na uzoefu, mashindano mengi yana madaraja mawili, na asijitie la wazoefu mwaka wa kwanza.

Ovaroli la kuchapwa asilinunue kabisa. Lile la awali alilichora Bill Belew na kulidarizi Gene Doucette, tai wake ni vito na uzi mzito, na likipigwa taa linamulika kwa vipande vipande. La kuchapwa linang'aa lote kwa pamoja, kama mfuko wa plastiki, hata mtu wa siti ya nyuma anaona. Halafu vazi zito linambadilisha anayelivaa. Hata Elvis mwenyewe, lile joho la kwanza lililoshonwa kwa ajili ya Hawaii lilikuwa refu mpaka chini na lilimshinda kwa uzito, wakamshonea fupi, na hilo ndilo alilowarushia watu mwishoni mwa onyesho. Ukivaa jepesi unarukaruka bila kujua.

Kama hana hela, ndiyo sababu nyingine ya kuchukua 1956. Koti pana la siku zile, suruali yenye marinda, shati la kola wazi. Fundi yeyote wa mtaani akionyeshwa picha nzuri analishona, na tena yake inakaa mahali pake. Miguu ndiyo itamtoa jasho. Mwambie asiige miguu kutoka kwa waigaji wengine, aende kwenye picha za televisheni za 1956 zenyewe. Waigaji wamekuwa wakiigana wenyewe kwa wenyewe kwa miaka hamsini, na kuna mitikisiko pale ambayo Elvis hakuifanya hata siku moja.

Chaulongo

Mimi bado naona utapeli, ila huyu wenu angalau anaimba mwenyewe.

BintiTabata

Kakubali 1956! Anasema atajaribu shindano dogo kwanza, halafu If I Can Dream aiweke akiba mpaka pumzi ikae sawa. Swali la mwisho, FundiMitambo: nywele. Zake ni kipilipili. Avae wigi, anyooshe kwa dawa, au aache kama zilivyo?

FundiMitambo

Hapo watu wamegawanyika. Wigi likiwa zuri na likabandikwa kwa gundi ya jukwaani halina neno, ila 1956 ndiyo mwaka mbaya kuliko yote kwa wigi, maana shungi la mbele linatakiwa lianguke usoni anapotikisa kichwa. La wigi linaanguka lote kwa pamoja, au halianguki kabisa. Nimewahi kuona likigeuka mbele nyuma katikati ya wimbo, jamaa akaendelea kuimba na ukumbi ukampenda, lakini alama hakupata. Mimi ningemwambia ajaribu za kwake kwanza, akate pembeni fupi, ajaze pomedi juu, ajitazame kwenye video akiwa anatikisika.

Kopi_ya_Kale

Na asizinyooshe kwa dawa wiki ya shindano. Ile dawa ikikuunguza kichwa, taa za jukwaani utazijua. Anyooshe mwezi mmoja kabla kama ni lazima.

MjuaVyote

Kwani alama za nywele ni ngapi?

FundiMitambo

Soma juu.